Mteja wa magunia na mteja wa kilo: nani analeta faida kwenye dagaa?

Dhana: Anayechukua mzigo mkubwa ndiye mteja wa faida.

Nilikaa na mama mmoja anayeuza dagaa wakavu kwa jumla pale Kibirizi, Kigoma, tukafungua daftari lake. Mteja wake mkubwa ni mwenye duka wa Tabora, anayechukua kilo 400 kila mwezi. Mama hununua kilo kwa shilingi 12,000 na kumuuzia kwa 14,000. "Mwanangu, huyu ndiye anayenilisha," aliniambia. Kwa hesabu ya haraka ana haki: 2,000 mara 400 ni 800,000.

Lakini nikamwomba anisimulie safari ya mzigo huo tangu siku unapoagizwa hadi siku pesa inapoingia mkononi. Mteja anataka dagaa waliochambuliwa, bila mchanga wala vipande. Vibarua wanalipwa 500 kwa kilo, jumla 200,000. Uchambuzi unatoa makapi ya kilo 20, ambayo mfuga kuku huyanunua kwa 4,000 badala ya zile 12,000 alizonunulia mama, kwa hiyo 160,000 nyingine zimekwenda. Magunia, kushona na guta hadi stesheni ni 60,000. Mzigo ukifika Tabora, mteja hupiga simu kwamba umepungua kilo nane, na mama hukata 112,000 kwenye deni ili wasigombane.

Kisha kuna deni lenyewe. Mteja hulipa baada ya miezi miwili, na mtaji huo wa 4,800,000 mama ameukopa kwenye kikundi kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi. Miezi miwili ni 288,000.

Jumlisha: 820,000. Mteja anayemlisha anamla 20,000 kila mzigo.

Sasa mtazame mchuuzi wa soko la Mwanga anayekuja na beseni lake. Kwa mwezi hafikishi zaidi ya kilo 60, lakini ananunua kwa 15,000, halipiwi kibarua, anabeba mwenyewe na kulipa hapohapo. Faida yake ya 180,000 inabaki karibu yote. Mama alinyamaza muda mrefu tulipofika hapo, kwa sababu mchuuzi huyu ndiye aliyezoea kuambiwa asubiri, mzigo wa Tabora ufungwe kwanza.

Si jambo la mwaloni peke yake. Kiwanda cha Kanthal cha Uswidi kilipopiga hesabu ya kila mteja miaka ya 1980, kilikuta asilimia 20 ya wateja ndio walioleta faida sawa na asilimia 225 ya faida yote ya kiwanda, asilimia 70 walikuwa hawaongezi wala hawapunguzi, na asilimia 10 waliobaki walirudisha hasara sawa na asilimia 125 ya faida hiyo. Baadhi ya hao wa hasara walikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa kabisa.

Dhana: Gawa gharama zote kwa kilo, utamjua wa kumwacha.

Hapa ndipo wengi wanapojiumiza. Kodi ya ghala na posho ya mlinzi hazipungui mteja wa Tabora akiondoka. Ukimtwika sehemu yake kisha ukamfukuza, mzigo huo unawaangukia waliobaki, na kesho mwingine aliyekuwa na faida ataonekana wa hasara. Mwandikie mteja zile gharama tu ambazo zingetoweka kama hayupo: vibarua wake, makapi yake, riba ya deni lake. Zote nilizotaja juu ni za namna hiyo, ndiyo maana hasara yake ni ya kweli.

Dhana: Mteja wa hasara dawa yake ni kumfukuza au kumpandishia bei.

Kabla ya hapo, tenganisha bei ya dagaa na bei ya huduma. Mama alimpa mteja wake chaguo. Dagaa wasiochambuliwa, fedha taslimu, ni 14,000 ileile. Akitaka waliochambuliwa aongeze 900, yaani 500 za kibarua na 400 za makapi. Akitaka kukopa, aongeze 360 kwa kila mwezi. Na mizani isomwe Kibirizi mbele ya mtu wake, baada ya hapo hakuna madai ya kupungua.

Akichagua taslimu bila kuchambua, gharama inayobaki ni zile 60,000 za magunia na guta, na mama anapata 740,000 bila kupandisha bei ya dagaa hata shilingi. Akikataa yote, hapo ndipo wa kuachwa, kwa kuagana vizuri na baada ya deni la zamani kulipwa, kwani ukikata mzigo kabla, kulidai ni kazi nyingine.

Muda nao una uzito wake. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, aliyehitaji kuweka akiba ya dagaa kabla ya tarehe hiyo alihitaji fedha mkononi. Mtaji uliolala kwenye deni la miezi miwili haukuweza kununua hata kilo moja.