Cheti cha kuzaliwa ukubwani: dhana potofu na ukweli

Wapo wanaoamini kwamba mtu mzima ambaye hakusajiliwa utotoni amekwisha kupoteza nafasi hiyo. Sivyo. Nchini Tanzania kizazi kinapaswa kusajiliwa ndani ya siku 90, na baada ya hapo usajili huitwa uliochelewa. Ombi lake hupokewa na RITA, wakala wa serikali wa usajili, lakini mwombaji hutakiwa kuleta vielelezo.

Dhana ya pili ina madhara zaidi, nayo ni kwamba kiapo cha wakili kinatosha peke yake na kwamba jirani yeyote anaweza kuapa. Kiapo ni ushahidi wa anayeapa tu, hivyo uzito wake unategemea namna alivyoyajua anayoyaeleza. Tuchukue mfano wa mwanamke aliyezaliwa nyumbani, katika kijiji cha wilaya ya Kondoa, ambaye mama yake amefariki. Kaka yake mdogo hawezi kushuhudia kizazi kilichotangulia chake. Shangazi yake aliyekuwepo anaweza, mradi aeleze kwamba alikuwepo, mahali palipokuwa, wazazi ni nani, na tarehe anaikumbuka kwa lipi. Akisema mtoto alizaliwa siku chache baada ya msiba wa Waziri Mkuu Edward Sokoine, aliyefariki tarehe 12 Aprili 1984, maneno hayo yana uzito kuliko tarehe kamili isiyo na maelezo. Kiapo hicho kisainiwe mbele ya Kamishna wa Viapo, naye aandike mahali na tarehe kilipoapwa. Kusaini karatasi tupu ili ijazwe baadaye ni hatari, kwa kuwa kuapa uongo ni kosa la jinai.

Wengine hudhani kwamba kumbukumbu za shule zikipishana na maelezo ya ukoo, ni afadhali kuzificha. Tuseme kitabu cha uandikishaji kinaonyesha kwamba mwanamke huyo alizaliwa mwaka 1986. Sababu yake mara nyingi ni ya kawaida kabisa: alianza darasa la kwanza mwaka 1993 akiwa na miaka tisa, na mwalimu, kwa kuwa mtoto hakuwa na cheti cha kuzaliwa, alihesabu nyuma miaka saba. Tofauti hiyo ielezwe ndani ya kiapo, na majina yanayotofautiana, kama jina la babu lililoachwa, yaelezwe vivyo hivyo. Kumbukumbu ya shule ina faida moja kubwa, kwamba iliandikwa zamani, wakati hakuna aliyekuwa akitafuta cheti. Kwa hiyo, hata ikikosea mwaka, bado inaweza kuthibitisha jina la mzazi na kijiji. Anayeibadilisha ili ilingane na kiapo huharibu kielelezo chake chenye nguvu, tena hujiingiza katika kughushi.

Kuhusu uraia, cheti hiki huthibitisha kuzaliwa tu. Mwenye wazazi wasio Watanzania anaweza kukipata bila kuwa raia.