Bomba limepasuka saa nane usiku: dhana potofu na ukweli kuhusu hatua za kwanza na mtu wa kumpigia

Simu ya mpangaji usiku wa manane huwa fupi: "Maji yamejaa ndani." Anayeipokea, awe mwenye nyumba, msimamizi au mlinzi, huwa na dakika chache za kuamua mambo mawili: maji yazuiwe wapi, na nani aamshwe. Hapo ndipo mazoea hupotosha watu. Nitatumia kisa kimoja cha mpangaji wa ghorofa ya kwanza, katika jengo lenye tangi juu ya paa, kwa sababu majengo ya namna hiyo ndiyo yenye mitego mingi.

Dhana: "Cha kwanza ni kumpigia fundi."

Fundi, hata awe jirani, ataamka, atavaa, atakusanya vifaa, ndipo aanze safari. Maji hayamsubiri. Ndoo ya lita 10 ikijaa kwa sekunde 20, ujue zinamwagika lita 30 kila dakika. Fundi akitumia saa moja kufika, lita 1,800 zitakuwa zimeshaingia kwenye vyumba, na kila lita ina uzito wa kilo moja. Kwa hiyo usikate simu ya mpangaji ili umtafute fundi. Baki naye, kwa kuwa yeye ndiye mtu pekee aliye karibu na koki.

Mazungumzo yenyewe huenda hivi:

"Samahani kaka kwa kukuamsha. Jikoni kumejaa maji."

"Pole dada. Simama pakavu kwanza. Maji yamefika kwenye soketi, au kwenye waya wowote?"

"Bado, ila yanaelekea kwenye friji."

"Swichi kuu iko wapi? Hapo ilipo ni pakavu?"

"Iko koridoni, pakavu kabisa."

"Izime. Washa tochi ya simu, halafu fungua kabati la chini ya sinki uniambie unaona nini."

Umeme umetangulia maji, na si kwa bahati. Maji yataharibu sakafu na makabati, lakini umeme ndani ya maji unaua. Ila swichi kuu izimwe tu ikiwa mtu anaifikia bila kukanyaga maji na kisanduku chenyewe hakijalowa. Kama maji yanatiririka ukutani juu ya kisanduku hicho, asikiguse. Watoke nje wote, na simu inayofuata iende kwa dharura ya shirika la umeme au zimamoto. Fundi bomba hana la kufanya humo mpaka umeme ukatwe.

Chini ya sinki mpangaji wetu aliona hozi ya kupandisha maji imechanika. Kwa kawaida hozi hiyo ina koki yake ndogo ukutani, na koki hiyo hufungwa kwa kuizungusha kuelekea kulia. Yake iligoma. Hapa mwambie asiilazimishe kwa koleo. Koki iliyokaa miaka bila kuguswa inaweza kukatika shingoni, mkabaki na tundu kubwa kuliko mpasuko wa hozi. Ikigoma kwa nguvu ya mkono, mrudi nyuma kwenye koki inayofuata.

Dhana: "Ukifunga koki ya mita, kazi imekwisha."

Hii ndiyo dhana inayolowesha nyumba nyingi zaidi. Katika jengo lenye tangi juu, maji ya bomba kuu hupita kwenye mita, hupanda hadi kwenye tangi, kisha hushuka vyumbani kwa bomba lingine kabisa. Ukifunga kwenye mita umezuia tangi lisijazwe. Lita 1,000 zilizokwisha kuwa juu zitaendelea kushuka, na kwa mwendo wa lita 30 kwa dakika zitachukua zaidi ya nusu saa kwisha.

Koki inayotakiwa ni ile iliyo kwenye bomba linalotoka chini ya tangi, au koki ya tawi la nyumba husika kama jengo lina tawi kwa kila mpangaji. Katika kisa chetu mlinzi ndiye aliyepanda. Kama koki ni ya mpini, mpini ukilala sambamba na bomba iko wazi, na ukikaa msalaba juu ya bomba imefungwa. Ya gurudumu huzungushwa kuelekea kulia mara nyingi, kwa hiyo anayeifunga asikate tamaa kwenye mzunguko wa pili.

Kuna jambo jingine husahaulika, nalo ni pampu. Pampu ya kuongeza msukumo hujiwasha yenyewe kila msukumo unaposhuka kwenye bomba. Bomba likipasuka, msukumo umeshuka, basi pampu inaunguruma usiku kucha ikimwaga maji kwa bidii. Izimwe kwenye swichi yake. Hita ya maji nayo izimwe, isije ikachemsha bila maji.

Koki sahihi ikishafungwa, mpangaji afungue mabomba yote ya chini kabisa ndani ya nyumba, la bafuni au la kudekia, ili maji yaliyobaki ndani ya mabomba yatokee huko badala ya kwenye mpasuko. Watu huona ajabu kuambiwa wafungue bomba wakati nyumba imefurika, lakini ndivyo inavyotakiwa. Baada ya dakika chache mpasuko unapaswa kubaki na matone tu. Kama bado unatoa kwa nguvu ileile, mmefunga koki isiyo yake.

Na usiamini mita kupita kiasi. Kigurudumu chake kikisimama, watu husema hakuna kinachovuja, ilhali tangi limejaa, boya limefunga, na maji yanayomwagika ni yale ambayo mita ilikwisha kuyahesabu tangu jioni.

Dhana: "Maji yakidondoka kutoka darini, bomba limepasuka."

Huenda ni kweli, huenda sivyo. Bomba la maji safi hutoa mfululizo, usiku na mchana, mpaka lifungwe. Bomba la maji machafu huvuja pale tu mtu wa juu anapooga au kuvuta choo, kisha hutulia. Tangi ambalo boya lake limekwama humwagika kwenye bomba lake la ziada au ukingoni, kukiwa hakuna bomba lililopasuka popote. Ndiyo maana simu ya pili, kabla ya fundi yeyote, mara nyingi ni kwa jirani wa juu: "Samahani sana, mna bomba lililo wazi? Naomba msitumie maji kwa dakika kumi." Uvujaji ukikoma ndani ya muda huo, umeshapata nusu ya jibu bila kumlipa mtu.

Dari ya bodi ikivimba kama tumbo, maji yamekusanyika juu yake na inaweza kuanguka nzima. Umeme ukiwa umezimwa, mtu anaweza kutoboa tundu dogo kwa bisibisi pembeni mwa uvimbe, ndoo ikiwa chini, yeye mwenyewe akiwa upande. Kama uvimbe ni mkubwa au taa imekaa katikati yake, wafunge mlango wa chumba hicho wasiingie.

Dhana: "Lazima litengenezwe usiku huohuo."

Maji yakishazuiwa, dharura kwa kawaida imekwisha na imebaki kazi ya ufundi. Kazi nyingi za ufundi wa bomba hutoka vibaya usiku. Bomba la plastiki linalounganishwa kwa kuyeyushwa kwa moto haliungani sawasawa likiwa na maji ndani, kwani tone moja linaloshuka kwenye kiungo hupoza plastiki kabla haijashikana. Bomba la plastiki la gundi nalo linataka pakavu, na gundi huhitaji muda wa kukauka kabla ya kurudishiwa msukumo, wakati mwingine saa kadhaa. Maduka ya vifaa yamefungwa, kwa hiyo fundi atatumia alichonacho mfukoni. Kuzungushia mpasuko raba ya baiskeli au ule utepe mweupe wa nyuzi kunaonekana ni utatuzi mpaka koki ifunguliwe.

Hozi ya mpangaji wetu ilisubiri asubuhi. Mlinzi alifunga tawi la nyumba ya mpangaji huyo tu, wapangaji wengine hawakukosa maji, na mpangaji mwenyewe akapewa ndoo mbili za kumfikisha alfajiri.

Fundi aamshwe usiku pale ambapo maji hayazuiliki, au koki pekee inayoyazuia inakausha jengo zima, au ndani ya nyumba hiyo kuna mgonjwa au mtoto mchanga ambaye hawezi kukaa bila maji. Hata hapo, mwombe kazi ndogo: akate tawi lililoharibika na kuliziba kwa kizibo, wengine wapate maji. Matengenezo kamili yafanyike mchana. Binafsi sipendi fundi anayetaka kuvunja ukuta saa tisa usiku kabla hajafunga koki hata moja.

Dhana: "Fundi bomba ndiye mtu wa kupigiwa kwa kila kitu cha maji."

Kama mpasuko uko kabla ya mita, upande wa barabarani, kwa kawaida bomba hilo ni la mamlaka ya maji, na fundi wako akiligusa anaweza kukuletea kesi. Piga namba yao ya dharura na uwape namba ya mita. Kama maji yamepita kwenye soketi, taa au kisanduku cha umeme, fundi umeme ndiye wa kukagua kabla ya swichi kuu kurudishwa. Sakafu kukauka juu hakuonyeshi hali ya waya zilizo ndani ya ukuta. Na jirani wa chini apigiwe hata kama hajalalamika, kwa sababu maji ya jikoni kwa mpangaji wetu yalikuwa njiani kuelekea kwenye dari yake.

Unapompigia fundi bomba, usimwambie "bomba limepasuka" tu. Mwambie ni bomba la aina gani, la chuma au la plastiki, la unene gani kwa kukadiria, maji ni ya moto au baridi, na koki ipi imefungwa. Mtumie picha. Kisha muulize ana kizibo cha saizi hiyo na mashine yake ya kuunganishia, na gharama ya kufika tu ni kiasi gani kabla hajagusa kitu. Asiyeuliza chochote kuhusu koki na kusema "nakuja" huenda akafika kutazama tu, kisha akakutajia bei ya kurudi na vifaa.

Asubuhi, hozi ikishabadilishwa pamoja na koki yake ndogo iliyogoma, mabomba ya ndani yaachwe wazi kidogo na koki ya tawi ifunguliwe polepole ili hewa itoke kwanza. Mtu mmoja akae mbele ya kabati la sinki na karatasi kavu ya jikoni, aipitishe kwenye kila kiungo, na aipitishe tena baada ya robo saa.