Faida ya ubia: mshahara wa mbia si gharama ya duka

Tuseme Asha na Juma wana duka la vifaa vya ujenzi Mombasa. Juma aliweka mtaji wa shilingi 3,000,000. Asha aliweka 1,000,000, na ndiye anayeshinda dukani. Walikubaliana kwamba Asha apate mshahara wa 40,000 kwa mwezi, kila mtaji upate riba ya asilimia 10 kwa mwaka, na kinachobaki wagawane nusu kwa nusu. Faida ya mwaka, kabla ya hayo yote, ni 1,800,000.

Dhana: Mshahara wa Asha ni gharama kama wa mfanyakazi yeyote.

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Mbia hawezi kujiajiri mwenyewe, kwa hiyo mshahara wake ni namna tu ya kugawa faida, na haukatwi PAYE. Karani akiuingiza kwenye gharama, hesabu itaonyesha faida ya 1,320,000. Lazima zile 480,000 za mshahara wa mwaka zirudishwe kwanza ndipo mgawo uanze.

Asha anachukua mshahara 480,000 na riba 100,000. Juma anachukua riba 300,000. Zinabaki 920,000, yaani 460,000 kila mmoja. Jumla, Asha ana 1,040,000 na Juma 760,000. Ukijumlisha mafungu hayo usipopata 1,800,000 kamili, kuna kitu kimesahauliwa au kimehesabiwa mara mbili.

Dhana: Duka ndilo linalolipa kodi.

Kenya, ubia hupeleka ritani KRA lakini haulipi kodi ya mapato. Kila mbia hutozwa kwa fungu lake. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2023, shilingi 288,000 za kwanza za mwaka hutozwa asilimia 10, 100,000 zinazofuata 25, na zinazozidi hapo, kwa mapato ya kiasi hiki, 30. Kama hawana mapato mengine, baada ya kupunguziwa kodi kwa nafuu binafsi ya 28,800 kwa mwaka, Asha atalipa 220,600 na Juma 136,600.

Dhana: Pesa niliyoiacha dukani haitozwi.

Inatozwa. Juma hata asipotoa senti, atalipia 760,000 zote. Fungu ndilo linalohesabiwa, si alichotoa.

Dhana: Faida isipotosha mshahara na riba, vinapunguzwa mpaka vitoshe.

Kwa mkataba huu, hapana. Tuseme faida ni 700,000 tu. Mshahara na riba ni 880,000, kwa hiyo pengo ni 180,000, nalo hugawanywa nusu kwa nusu kama faida. Asha anabaki na 490,000 (580,000 kutoa 90,000) na Juma 210,000. Kodi ya Juma ingekuwa 21,000, ila nafuu binafsi inaimeza yote. Asha bado atalipa 55,600, katika mwaka ambao Juma ataapa kwamba duka lilikula hasara.