Kwa nini e^(2 ln 5) si 10?

*“Tumefundishwa kwamba e na ln zinafutana. Sasa mbona e^(2 ln 5) haibaki 2 × 5?”*

Kwa sababu ile 2 imekaa katikati yao. e na ln hufutana zikiwa zimegusana tu, yaani kipeo kizima cha e kiwe ni ln ya kitu, bila namba mbele wala kitu cha kujumlisha pembeni.

Anzia kwenye maana ya ln 5. Hilo ni swali: e, ambayo ni 2.71828 na kuendelea, ipewe kipeo gani ili tupate 5? Kikokotoo kitakujibu 1.6094 hivi. Basi ukiipa e kipeo hichohicho, lazima upate 5, maana ndicho kipeo ulichokitafuta kwa kazi hiyo. Ndiyo sababu e^(ln 5) = 5. Kwa upande wa pili, ln(e^7) inauliza e ipewe kipeo gani ili tupate e^7, na jibu limeshaandikwa palepale: 7.

Sasa 2 ln 5 ni 1.6094 mara mbili, yaani 3.2189. Kipeo kikiongezwa mara mbili, jibu haliongezeki mara mbili, bali linajizidisha lenyewe: e^(ln 5 + ln 5) = e^(ln 5) × e^(ln 5) = 5 × 5 = 25. Ili upate 10 ungehitaji kipeo cha 2.3026, ambacho ndicho ln 10.

Kwa hiyo, kabla ya kufuta chochote, ondoa kilichoziba njia. Namba iliyo mbele ya ln ipandishe iwe kipeo ndani yake: 2 ln 5 = ln(5²). Hapo e na ln zimegusana, na inabaki 5². Alama ya kutoa nayo ni namba, ni −1. Hivyo e^(−ln x) ni x^(−1), yaani 1/x. Wengi huandika −x, na kosa hilo unaweza kulinasa kwa jicho tu: e yenye kipeo chochote halisi haitoi jibu hasi, na hapa x ni chanya.

Kama kwenye kipeo kuna kujumlisha au kutoa, kikate vipandevipande kwanza. Tuchukue

e^(3 ln x − ln 4 + 2x)

Kujumlisha kwenye kipeo ni kuzidisha huku chini, na kutoa ni kugawanya. Tunapata e^(3 ln x) × e^(2x) ÷ e^(ln 4). Kipande cha kwanza ni x³, cha mwisho ni 4. Cha kati hakina ln, kwa hiyo kinabaki kilivyo. Jibu ni x³e^(2x)/4. Lipime kwa x = 2: kipeo cha mwanzo kinatoka 4.6931, na e^4.6931 ni 109.2 hivi. Jibu letu linatoa 8 × 54.598 ÷ 4, ambayo nayo ni 109.2. Anayefuta haraka huandika 3x − 4 + e^(2x), ambayo kwa x = 2 inatoa 56.6. Kipimo cha namba moja kama hiki kinachukua nusu dakika, na kinastahili kufanywa kila mara.

ln ikiwa nje, mkasi ni uleule. ln(6e^(2x)) si 6 × 2x. Ni ln 6 + 2x, kwa kuwa ln hugeuza kuzidisha kuwa kujumlisha. Lakini ln(e^x + 1) haikatiki kabisa. Ln haina kanuni ya kugawa jumla. Weka x = 0 uone: ln 2 ni 0.693, wakati ukikata kwa nguvu kuwa x + ln 1 unapata 0.

Mahali kosa hili linapoumiza hasa ni kwenye milinganyo tofautishi. Kwa y′ + (2/x)y = x, pale x ilipo chanya, kizidishi cha kuunganishia ni e^(2 ln x). Ukikiandika x², upande wa kushoto unakuwa utofautishaji kamili wa x²y na kazi inaendelea. Ukikiandika 2x, upande huo haukunjiki kuwa kitu kimoja, na utahangaika na hesabu ambayo haikuwa na ugumu wowote.

Kuna na jambo la mipaka. ln(e^x) = x kwa kila x halisi, hata hasi, kwa sababu e^x daima ni chanya. Lakini e^(ln x) = x kwa x chanya pekee, maana ln ya sifuri au ya namba hasi haipo kwenye namba halisi. Ukichora grafu ya e^(ln x) utapata nusu tu ya mstari wa y = x, ile ya kulia kwa sifuri. Kwa sababu hiyohiyo ln(x²) si 2 ln x nyakati zote: kwa x = −3, ya kwanza ni ln 9, karibu 2.197, na ya pili kikokotoo kitaikataa. Kama hujahakikishiwa kwamba x ni chanya, andika 2 ln|x|.