"Mu dukani yetu kuko sukari": dhana potofu kuhusu pa, ku na mu

Karibu na soko la Kadutu, hapa Bukavu, ndugu mmoja aliandika kwa chaki kwenye mlango wa duka lake: "Mu dukani yetu kuko sukari." Hakuna mtu wa Bukavu asiyelielewa tangazo hilo. Lakini alitaka liwe la Kiswahili sanifu, akaniita. "Mwalimu, nimeshatia *ni*. Kimebaki nini tena?"

Alichokuwa nacho ni dhana ambayo wengi wetu tunayo: kwamba *mu* na *ni* hukaa pamoja. Tukizungumza mtaani, sisi husema *mu nyumba*, *ku soko*, *pa meza*. Kiambishi cha mahali kinatangulia jina, na si ajabu, kwa kuwa lugha nyingi za Kibantu hufanya hivyo. Kiswahili sanifu kilikihamisha. Jina linapata *-ni* mwishoni, na pa, ku, mu zinakwenda kukaa kwenye maneno yanayolifuata. Kwa hiyo "mu dukani" ni kutaja mahali mara mbili, kama vile "katika dukani". Utachagua njia moja: *katika duka letu*, au *dukani mwetu*.

Hapo kijana anayemsaidia dukani alidakia kwamba kosa ni *yetu* tu, iandikwe "dukani letu", maana duka ni *letu*. Kusahihisha huku nakuona sana hata kwenye madaftari ya wanafunzi wazuri, na bado si sawa. Duka ni letu, nyumba ni yetu, kisima ni chetu, mji ni wetu. Ukishatia *-ni*, tofauti hizo zote zinafutika: dukani kwetu, nyumbani kwetu, kisimani kwetu, mjini kwetu. Ngeli ya jina imeondoka, na sasa kinachotawala sentensi ni mahali. Hata wingi haubadilishi kitu. Vyumba ni vyetu, lakini ni *vyumbani mwetu*, wala si "vyumbani vyetu".

Basi tuchague ipi kati ya *petu*, *kwetu* na *mwetu*? Watu hudhani kila jina lina yake ya kukariri. Sivyo. Jina lilelile hukubali zote tatu, na mzungumzaji ndiye anayeamua anaona nini. Simama ufukweni utazame Ziwa Kivu. Ukisema *ziwani pale pana mtumbwi*, unaonyesha sehemu moja hasa, kama kwa kidole. Ukisema *ziwani kule kuna upepo*, unazungumzia eneo pana lisilo na mpaka wazi. Na *ziwani mle mna sambaza*, wale samaki wadogo, hapo umeingia ndani ya maji. Ziwa ni moja, mtazamo ndio umebadilika.

Sukari ya ndugu yetu iko ndani ya duka, kwa hiyo tulichukua *mu*. Mbele ya irabu inakuwa *mw-*, ndipo tunapata *mwetu*. Mbele ya konsonanti, katika maandishi sanifu, inabaki *m-*: *mna*, si "muna". *Kuko* yetu ya mtaani ikaondoka, tukapata: *Dukani mwetu mna sukari.* Ukianza na *mw-*, endelea nayo: *dukani humu mwetu mmejaa wateja*. "Dukani humu pamejaa" inamtoa msomaji nje kabla hajaangalia rafu. Ila *kuna* imezoeleka kila mahali, na mtu akiandika "dukani mwetu kuna sukari" mimi simkatazi.

Kuna pia wanaofikiri kwamba mahali pakitajwa, basi kitenzi kizima lazima kifuate mahali. Angalia kwanza nani anatawala kitenzi. Katika *mama yumo dukani*, *yu-* ni ya mama, na *-mo* peke yake ndiyo ya mahali. *Sukari imo dukani*: *i-* ni ya sukari. Huku kwetu tumezoea "mama iko ku soko", na ndiyo maana *yuko sokoni* inatutoka kwa shida mwanzoni. Mahali panatawala kitenzi pale tu panapokuwa kiima, kama katika *dukani mna sukari*.

Alipomaliza kufuta na kuandika upya, ndugu yetu alirudi nyuma hatua mbili, akasoma kwa sauti, kisha akageukia duka la pembeni. "Na *jirani*? Nayo si inaishia kwa *ni*? Niseme jirani mwetu?" Nikamwambia ajiulize neno linajibu swali gani. *Dukani* linajibu "wapi?". *Jirani* linajibu "nani?", na *ni* yake ilizaliwa nalo. Ni *jirani yetu*, na kwake ni *dukani kwa jirani yetu*.