"Waongezee Wote Kidogo, Watatulia": Dhana Potofu Kuhusu Haki Kazini

Juzi meneja mwingine kaniita, na kabla sijakaa vizuri akasema: "Watu wangu wamelegea. Nataka niwaongezee wote asilimia 10." Sentensi hiyo nimeisikia mara nyingi mno.

Dhana: nyongeza sawa kwa wote hurudisha ari.

Ingerudisha kama tatizo lingekuwa mshahara mdogo. Mara nyingi silo. Mwanasaikolojia John Stacey Adams alieleza mwaka 1963 kwamba mtu hupima anachotoa kazini (muda, ujuzi, jasho) dhidi ya anachopata, kisha hutazama hali ya mwenzake. Uwiano ukipishana, roho inamuuma, na njia rahisi ya kusawazisha ni kupunguza anachotoa.

Ofisi ya meneja huyo inashughulikia madai ya bima. Dada mmoja alikuwa akifunga faili 40 kwa wiki, na jirani yake wa meza 25. Cheo kimoja, mshahara mmoja. Tuuite mshahara huo 100: dada anapata 2.5 kwa kila faili, jirani anapata 4. Sasa wape wote asilimia 10. Dada anafika 2.75, jirani 4.4. Pengo lilikuwa 1.5, limekuwa 1.65! Umetoa fedha, na uwiano uko palepale ulipokuwa.

Hakuna anayekaa na kikokotoo, bila shaka. Lakini dada aliona faili zikihamishiwa kwake kila Ijumaa kwa sababu "wewe una mkono mwepesi". Wala hakuanza kwa kupunguza faili, maana hizo zinahesabiwa. Aliacha kwanza visivyohesabiwa: kumwelekeza mgeni, kumpigia mteja kabla hajalalamika, kusoma barua mara ya pili kabla ya kuituma. Idadi ilishuka miezi miwili baadaye, ikagota kwenye 27. Meneja aliuona mwezi huo wa mwisho tu, akauita uvivu.

Nilimwambia aiweke nyongeza kando kwanza, amwulize dada swali moja: "Unajilinganisha na nani, na kwa lipi?" Jibu huwa si lile bosi alilodhani. Kisha kazi ihesabiwe kwa wiki 4, kila mtu aione hesabu, ndipo uamuzi ufanyike: ama faili zigawanywe upya, ama anayebeba zaidi alipwe kwa ziada hiyo. Ninachokikataza kabisa ni kumwambia "usijilinganishe na wenzako". Atajilinganisha tu, ila hutamsikia tena akisema.

Dhana: mishahara ikiwa siri, hakuna wa kulalamika.

Siri haizuii kulinganisha. Watu hukisia, na wengi hukisia vibaya. Ila kufichua tu bila maelezo nako si dawa. Watafiti walipowaonyesha baadhi ya wafanyakazi wa Chuo Kikuu cha California tovuti ya mishahara ya wenzao, waliolipwa chini ya wastani wa kundi lao walipungukiwa na kuridhika na kazi na wakafikiria zaidi kuhama. Waliolipwa juu hawakufurahi zaidi. Rekebisha kwanza, ndipo ufungue.

Dhana: ukiwa na habari mbaya ya mshahara, sema kwa kifupi uondoke.

Mtafiti Jerald Greenberg alichunguza viwanda vya kampuni moja vilivyokatwa mshahara asilimia 15 kwa wiki 10. Kiwanda kimoja wafanyakazi walikaa na bosi kama dakika 90, wakaelezwa sababu kwa takwimu, wakauliza, wakaombwa radhi. Kingine walipewa takribani dakika 15, basi. Makato yalikuwa yaleyale. Wizi wa mali ya kiwanda ulipanda kote kuwili, lakini pale pa dakika 15 ulipanda zaidi sana. Mishahara iliporudi, ukashuka.

Dhana: anayelipwa zaidi ya kazi yake atajituma ili afidie.

Kwenye majaribio ya Adams mwenyewe ilitokea hivyo kwa waliolipwa kwa saa. Ofisini usiitegemee, kwa sababu kubadili hesabu ya kichwani ni rahisi kuliko kuongeza jasho. Nilimwuliza yule jirani wa faili 25 kama anaona anapendelewa. Akashangaa: "Mimi? Za kwangu ndizo zenye mabishano."

Tulizifungua zote. Sita zilikuwa na mabishano kweli, kwa hiyo hesabu ya wiki 4 tuliianza upya, safari hii kila faili ngumu ikihesabiwa kama mbili. Jirani akafika 31. Dada, kwa zile faili zake 40 za awali, ambazo nazo 4 zilikuwa ngumu, akafika 44, na hiyo tofauti ya 13 ndiyo meneja aliyokaa nayo mezani.