Chembe za urea zimepotea machoni? Hapo ndipo hasara inapoanza

Kila Januari, mahindi yakifika magotini kuanzia Mbozi hadi Mufindi, maneno ni yale yale: "Nimekuzia jana jioni, usiku yakashuka manyunyu, asubuhi chembe hazionekani, mbolea imeingia." Msimu huu nimeyasikia kwa mtu anayeuza pembejeo, anayetakiwa kuwashauri wengine, na uvumilivu umeniishia. Haijaingia. Imeyeyuka tu. Kuyeyuka ni kitu kimoja, na kushuka sentimita tano chini ya udongo ni kitu kingine. Katikati ya hivyo viwili ndipo mfuko wako unapopukutika.

Urea yenyewe haipai. Chembe kavu juu ya udongo mkavu inaweza kukaa siku kadhaa bila kupoteza chochote cha maana. Kinachopaa ni amonia, na amonia haipo mpaka urea iyeyuke na kukutana na kimeng'enya kiitwacho urease, ambacho kimo katika kila udongo na kimejaa zaidi kwenye mabua na majani yanayooza. Kimeng'enya hicho kinahitaji maji. Kwa hiyo manyunyu ya milimita mbili au tatu ndiyo hali mbaya kuliko zote: maji yanatosha kuwasha kazi, lakini hayatoshi kuisukuma mbolea chini. Hata mvua si lazima. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, chembe huufyonza zenyewe, ndiyo maana kwenye ukungu wa Makete au Njombe utazikuta zimelainika asubuhi bila tone kudondoka. Kuanzia hapo hasara hupanda kwa siku mbili hadi tano, kisha hupungua. Baada ya wiki moja hadi siku kumi, sehemu kubwa ya kupotea imeshapotea. Kwenye baridi mchezo huu ni wa polepole zaidi, ila haukomi.

Kuhusu kuweka jioni ili "jua lisiipige": jua linachangia kwa kupasha udongo joto na kuukausha, basi. Jambo linalochukua siku tano haliokolewi na saa kumi na mbili za usiku.

Sasa nije kwenye hoja inayonikera zaidi, kwa sababu hutolewa na watu waliosoma. Wanasema udongo wetu wa nyanda za juu una tindikali, pH 5 na kitu, na amonia haipai kwenye tindikali, kwa hiyo tusitishane. Hayo mawili ya kwanza ni kweli, hitimisho ndilo baya. Kwenye pH 7, chini ya sehemu moja kwa mia ya amoniamu iko katika umbo la gesi, na kwenye pH 5 ni kidogo mno. Tatizo ni kwamba maabara imepima udongo wa shamba zima uliochanganywa kwenye ndoo, wakati urea haikai kwenye ndoo. Inakaa kwenye vidoa. Urease inapoivunja chembe, mmenyuko wenyewe unakula tindikali, na pH ya udongo unaoizunguka hupanda kupita 8, mara nyingine ikakaribia 9. Kwenye pH ya 9 na robo, nusu nzima ni gesi. Shamba lako ni 5.2 kwenye karatasi, lakini chini ya kila chembe kwa siku chache kuna kidoa cha udongo wenye alkali kali, na hapo ndipo hewa inapochukua chake.

Kinachotofautisha mashamba si pH ya karatasi peke yake, ni nguvu ya udongo kukataa pH yake isipande. Udongo mweusi wa majivu ya volkano kule Rungwe, wenye mboji nyingi, unakataa kwa nguvu na kuishika amoniamu mapema. Mchanga mwepesi haukatai kitu. Ukipewa vipimo viwili vyenye pH 5.5, kimoja cha mfinyanzi wenye mboji na kingine cha kichanga, usivipe ushauri mmoja. Na kama umemwaga chokaa juu juu wiki iliyopita bila kuifukia, au unapiga majivu kwenye mahindi kwa ajili ya viwavi, umeshaipandisha pH kwa mkono wako kabla urea haijafika.

Asiyeamini afanye jaribio la makopo mawili ya plastiki angavu yenye mifuniko. Jaza kila kopo udongo wa shambani kwake wenye unyevu, sentimita kumi hivi, na acha nafasi juu. Kwenye la kwanza weka nusu kijiko cha chai cha urea juu ya udongo. Kwenye la pili fukia kiasi hicho hicho sentimita tano hadi sita na ushindilie kidogo. Lowesha vipande viwili vya karatasi nyekundu ya litimasi, ile ya maabara za shule, vibandike ndani ya mifuniko, funga, weka kivulini. Angalia kila asubuhi na jioni. Kopo la kwanza litaigeuza karatasi kuwa bluu, kwa kawaida ndani ya siku moja hadi tatu. La pili litachelewa sana au halitageuka. Jaribio hili linaonyesha kwamba amonia inatoka, halionyeshi kilo ngapi, maana kiasi cha urea ni kikubwa kuliko cha shambani na ndani ya kopo hakuna upepo. Kunusa shambani ndiyo kabisa usikutegemee: upepo huichanganya amonia haraka, na pua isiyosikia harufu haijathibitisha kitu.

Ukiniuliza asilimia, nitakwambia kitu ambacho vijitabu havipendi kusema: hakuna anayejua ya shamba lako kabla ya tukio. Inaweza kuwa chini ya tano, inaweza kupita thelathini. Hata vifaa vya watafiti vinavyofunika udongo huzuia upepo, na kwa hiyo hubadilisha kile kile vinachokipima. Mimi hutumia robo kama makadirio ya kufanyia uamuzi, pale panapokutana udongo mbichi juu, upepo, na siku tano bila mvua ya maana.

Tuchukue ekari moja, mahindi ya sentimita 75 kwa 30, mashina kama 17,800, yana majani sita au saba. Mfuko mmoja wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, na kila shina linapata gramu 2.8. (Kizibo cha soda msikiamini kwa kusikia. Pima vizibo ishirini kwenye mizani ya dukani, gawanya kwa ishirini, ndipo ujue chako kinabeba nini.) Jana usiku kopo la kupimia mvua limeonyesha milimita 4. Udongo umelowa juu, ni mkavu kiasi chini, utabiri unasema mvua za hapa na pale. Ukiweka juu leo, robo ya kilo 23 ni kilo 5.75, sawa na kilo 12.5 za urea. Kama mahindi kweli yana njaa ya naitrojeni, kila kilo inayoingia kwenye mmea inaweza kuongeza kilo 10 hadi 20 za nafaka, kwa hiyo unahatarisha kilo 57 hadi 115. Kama hayana njaa, hutaona tofauti yoyote wakati wa kuvuna, na hii ndiyo sababu jirani yako anaapa kwamba kufukia ni kazi bure.

Hatua ya kwanza ni kuuliza kama palizi bado. Ikiwa bado na magugu ni madogo, geuza utaratibu: weka urea kwanza, kiganja kimoja kutoka kwenye shina, na wapiga jembe wafuate nyuma siku hiyo hiyo wakipandishia udongo. Najua mmefundishwa kupalilia kwanza ili magugu yasile mbolea. Gugu lililong'olewa saa moja baadaye halijala kitu. Kinachoharibu ni kuweka asubuhi kwenye ekari nzima na kupalilia keshokutwa. Ikiwa magugu ni marefu, jembe halitafukia, litaviringisha tu. Hapo palilia kwanza, kisha toboa mashimo.

Kwenye mashimo kosa ni lile lile kila mahali: kina. Mtu anakwangua sentimita mbili, anasukumia vumbi kwa kisigino, anasema amefukia. Urea iliyorundikwa pamoja chini ya sentimita mbili za udongo mwepesi hupandisha pH kwa nguvu zaidi kuliko iliyotawanywa, na gesi inapita juu bila shida. Nataka sentimita tano hadi saba, yaani pingili mbili za kidole cha shahada ziingie zote, na udongo ukandamizwe. Piga hesabu ya vibarua: kama nyongeza ya malipo inazidi robo ya bei ya mfuko, na mavuno ya ziada huna uhakika nayo, usifukie. Subiri mvua.

Kusubiri nako kuna hesabu. Unachotaka ni milimita 10 hadi 15 ndani ya siku moja au mbili baada ya kuweka, na kwenye mfinyanzi karibu 20. Ipime kwa kopo lenye pande zilizonyooka, likae mbali na miti na mapaa, na rula isomwe asubuhi kabla jua halijakausha. Mahindi ya majani sita yanaweza kungoja siku nne au tano bila kudai fidia. Yanayokaribia kutoa mbelewele hayawezi. Na usiitafute mvua ya gharika: urea ambayo haijavunjwa haina chaji, haishikwi na udongo, na milimita 60 kwenye kichanga zinaipeleka mizizi isikofika.

Kugawa mara mbili kunasifiwa kwa sababu isiyo yake. Faida yake kubwa ni dhidi ya kuchujwa na mvua, na kwamba mmea unapokea wakati unapohitaji. Dhidi ya amonia inasaidia kiasi, kwa kuwa chembe chache mahali pamoja hupandisha pH kidogo, lakini nusu mbili zilizowekwa kwenye manyunyu mawili zimepotea mara mbili. Afadhali dozi ya pili, inayowekwa mahindi yakiwa yamefunga: upepo chini ni mdogo na majani hunasa sehemu ya gesi.

Ikifika dozi hiyo, udongo umelowa juu, mvua imekata na vibarua hakuna, fikiria mbolea ya CAN, ambayo haipandishi pH namna hiyo. Watu huikataa kwa sababu kilo 23 za naitrojeni zinahitaji kilo 88 za CAN yenye naitrojeni asilimia 26. Linganisha kwa haki: urea iliyopoteza robo imebakiza kilo 17.25, na hizo zinapatikana kwenye kilo 66 za CAN, mfuko mmoja na kilo 16. Nenda dukani na bei hizo mbili, mfuko wa urea upande mmoja na kilo 66 upande mwingine, uone ipi ni rahisi wiki hiyo.